Mjadala: Osteopenia ni ugonjwa, au ni jina la namba tu?

BintiMuheza: Mama ana miaka 68. Kapimwa mifupa kwa mashine ya deksa, alama ya T ya mgongo ni -1.7, ya shingo ya nyonga -2.2, na karatasi imeandikwa OSTEOPENIA kwa herufi kubwa. Daktari mmoja anasema aanze dawa, mwingine anasema huo si ugonjwa, arudi nyumbani. Nani yuko sahihi? Na neno hili liendelee kuandikwa kwenye majibu ya watu au lifutwe?

Mkongwe wa Hoja: Lifutwe leo. Mwaka 1994 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walichora mistari miwili kwenye hiyo T, -1 na -2.5. Aliyeangukia katikati akapewa jina la kigeni, na jina la kigeni likikukuta hospitali unajiona mgonjwa. Mwaka uliofuata alendroneti, dawa ya mifupa, ikaruhusiwa Marekani. Unganisheni wenyewe. Mama yako hana kitu, ana miaka 68 tu.

NesiMstaafu: "Hana kitu" umeiandika ukiwa umekaa kwenye kiti. Mimi nimefanya kazi wodi ya mifupa miaka 22. Nimewageuza kitandani kina mama waliovunjika nyonga kwa kuteleza bafuni, na si wote waliotoka wakitembea. Usimwambie binti wa watu mama yake hana kitu wakati hujamwona.

Mkongwe wa Hoja: Mama, kwa heshima zote, hao uliowageuza walikuwa na osteoporosisi, yaani T ya -2.5 kushuka chini. Hapa tunazungumzia osteopenia.

NesiMstaafu: Nani kakwambia? Uliona vipimo vyao?

FundiPicha: Niingie hapo, maana mashine hii naiendesha mwenyewe kila siku. Bi Nesi ana haki kuliko anavyodhani. Ukiwahesabu wanawake wazima waliovunjika mifupa kwa anguko dogo, zaidi ya nusu wamekuwa na T iliyo juu ya -2.5. Hiyo haina maana kwamba osteopenia ni hatari kuliko osteoporosisi. Mtu mmojammoja mwenye -3 yuko hatarini zaidi. Ila wenye -3 ni wachache, na wenye -1.8 wamejaa mtaani, kwa hiyo hata wakivunjika kidogokidogo jumla yao inakuwa kubwa.

T inasema tu mfupa wako uko hatua ngapi chini ya wastani wa wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 29. Kila hatua moja ikishuka, hatari inapanda, kwa nyonga hata zaidi ya maradufu. Lakini haijui una miaka mingapi. Mwenye miaka 50 na mwenye miaka 80 wakiwa na -2.2 ileile, hatari ya yule wa 80 ni kubwa mara kadhaa, kwa sababu anaanguka zaidi na mfupa wake umechakaa kwa namna ambayo mashine haioni. Kwa hiyo Mkongwe amesema kweli kuhusu mistari, ila akaruka kutoka "mstari ni wa kuchorwa" hadi "hana kitu". Hayo ni mambo mawili.

Mpwani: Subiri. Wastani wa wanawake wa wapi?

FundiPicha: Kwa nyonga, wanawake weupe wa Marekani waliopimwa kati ya 1988 na 1994.

Mpwani: Basi mjadala umekwisha! Mama wa Muheza anapimwa kwa rula ya mzungu wa Marekani halafu mnamtafutia dawa. Bibi zetu walitwanga, walichota maji, walibeba kuni mpaka miaka 80 na hawakuvunjika.

NesiMstaafu: Hawakuvunjika au hawakupigwa eksirei? Bibi yangu alipinda mgongo mpaka akawa anatazama vidole vyake vya miguu. Tulisema ni uzee.

Mpwani: Bibi mmoja si ushahidi.

NesiMstaafu: Na bibi zako wanaotwanga ni ushahidi?

FundiPicha: Mpwani kashika jambo zito, tusilipuuze. Kuna utafiti wa Gambia wa miaka ya tisini uliokuta wanawake wazee wa vijijini wana madini machache mifupani kuliko wanawake wa Uingereza, lakini kuvunjika kwao kulikuwa nadra. Na Marekani kwenyewe, mwanamke mweusi na mweupe wakiwa na T sawa, mweusi huvunjika mara chache. Kwa hiyo namba ileile haibebi hatari ileile kila mahali. Hapo nakubali kabisa.

Lakini Gambia ile ni ya kijijini, ya watu wanaotembea siku nzima. Sijui mama wa mjini anayepanda ngazi za ghorofa ya tatu gizani umeme ukikatika nimweke na wale wa Gambia au wapi. Wengi wanaoandika miongozo wamechagua rula moja kwa watu wote, na tofauti za nchi ziingizwe baadaye kwenye hesabu ya hatari, kama ile ya FRAX, inayouliza umri, uzito, kama ulishavunjika, kama mzazi alivunjika nyonga, sigara, pombe na prednisoloni.

Mpwani: Yaani rula mbovu, halafu dirisha la kurekebisha. Kwa nini msitengeneze rula yetu?

FundiPicha: Kwa sababu rula ya kwetu ingebadilisha jina kwenye karatasi bila kubadilisha mfupa. Kinachohitajika ni kuhesabu waliovunjika, mwaka hadi mwaka. Hilo ndilo gumu, na ndilo lenye faida.

Mpwani: Sijakubali. Lakini endelea.

Rehema34: Samahani naingilia. Mimi nina miaka 34. Kwenye hema la maonyesho ya afya niliweka kisigino kwenye kimashine, wakaniambia -1.4, osteopenia. Nikaenda famasi, sasa nina wiki ya tano ya alendroneti ya 70. Kumbe nimejiepusha mapema, au siyo?

Mkongwe wa Hoja: Mnaona? Ndiyo maana nasema neno lifutwe! Binti wa miaka 34!

FundiPicha: Dada Rehema, hapo simama kwanza. Kimashine cha kisigino kinatumia mawimbi ya sauti. Namba yake inafanana kwa sura na ya deksa, lakini mistari ya -1 na -2.5 haikuwekwa kwa ajili yake. Na kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi hatutazami T, tunatazama Z, inayomlinganisha na wa umri wake. Fikiria: ukiwapima mabinti mia moja wenye afya, kama 16 kati yao watakuwa chini ya -1 kwa sababu tu lazima wawepo walio chini ya wastani. Wengine wamezaliwa na mifupa myembamba. Je, umewahi kuvunjika? Unatumia prednisoloni? Hedhi ilikatika? Na kama unafikiria kupata mtoto, mwone daktari kabla ya kidonge kinachofuata, kwa sababu dawa hiyo hukaa mfupani miaka.

Rehema34: Sikuvunjika, hedhi ipo. Lakini unaongea kana kwamba nimekurupuka. Nililipa pesa yangu kwa nia ya kujitunza.

FundiPicha: Sikusema umekurupuka, dada yangu. Aliyekupa namba bila kukueleza ndiye aliyekosa.

Rehema34: Sawa. Ila inauma kuitwa mfano.

NesiMstaafu: Usiumie mwanangu. Mwenye uzi huu yuko wapi? Tumemwacha mama yake.

BintiMuheza: Nipo, nasoma. Sijaelewa bado kama aanze dawa.

FundiPicha: Karatasi ina jedwali la pingili, L1 hadi L4. Niandikie namba zote nne.

BintiMuheza: L1 -2.2, L2 -2.0, L3 -0.5, L4 -2.1.

FundiPicha: Ahaa. Wastani wa hizo nne ni -1.7, ndiyo ile iliyoandikwa. Lakini angalia L3. Majirani zake wote wako kwenye -2, yeye peke yake yuko -0.5. Pingili ikipishana na jirani zake kwa zaidi ya hatua moja, haitakiwi kuhesabiwa. Ukiitoa, mgongo unakuwa -2.1.

Sasa kwa nini L3 ionekane imara? Mara nyingi ni moja kati ya mawili. Ama ina vinundu vya uzee pembeni, ambavyo mashine inavihesabu kama mfupa mzuri. Ama imebonyea. Pingili iliyobonyea ina madini yaleyale, ila yamebanwa kwenye eneo dogo, na kwa kuwa mashine inagawa madini kwa eneo, namba inapanda. Mfupa uliovunjika unapata alama nzuri kuliko mzima. Mama amefupika?

BintiMuheza: Mungu wangu. Kanga na magauni yake yanaburuta siku hizi, tulidhani amekonda. Kwenye kadi yake ya zamani ya kliniki alikuwa sentimita 161, juzi wamempima 156. Na mwaka jana aliinua ndoo ya maji akashikwa na maumivu ya kiuno wiki tano. Akatibiwa figo.

NesiMstaafu: Ndoo! Ndiyo hiyo.

FundiPicha: Sitasema ndiyo hiyo kabla ya picha. Lakini kufupika sentimita 5 na maumivu ya namna hiyo vinatosha kuomba eksirei ya mgongo ya pembeni. Ikionyesha L3 imebonyea bila ajali kubwa, basi mama ana osteoporosisi, hata kama hakuna namba yake hata moja iliyofika -2.5. Mfupa ukishavunjika kwa ndoo, hatuulizi tena T inasema nini. Na aliyebonyea pingili moja yuko karibu zaidi na ya pili.

Mkongwe wa Hoja: Na ikiwa ni vinundu tu?

FundiPicha: Basi tunarudi kwenye swali la mwanzo, na hapo madaktari wanabishana kweli. Jaribio kubwa la alendroneti la 1998, kwa wanawake ambao pingili zao zilikuwa nzima, lilipunguza kuvunjika kwa waliokuwa chini ya -2.5, si kwa waliokuwa juu yake. Halafu 2018 New Zealand wakawapa zoledroneti ya mshipani wanawake 2,000 wa zaidi ya miaka 65, wengi wao wenye osteopenia, kila miezi 18 kwa miaka 6, na kuvunjika kukapungua kwa zaidi ya theluthi. Daktari wa kwanza anasimamia la pili, daktari wa pili anasimamia la kwanza.

Mkongwe wa Hoja: Kwa hiyo neno linabaki?

FundiPicha: Kwangu mimi karatasi ingeandika namba, umri, na "amefupika au la". Neno sioni limemsaidia nani hapa. Lilimfanya daktari wa pili asisome jedwali.

Mpwani: Lilimfanya hivyo kwa sababu ya rula ya Marekani.

FundiPicha: L3 ingekuwa vilevile hata kwa rula ya Pemba, ndugu yangu.

Mpwani: Pemba hamjapima hata mmoja, unajuaje?

BintiMuheza: Nimempigia dada, anampeleka Alhamisi. Aombe "eksirei ya mgongo ya pembeni", nimeandika vizuri?

FundiPicha: Ya kifua na kiuno, zote mbili, upande. Na aende na ile kadi ya kliniki yenye 161.

NesiMstaafu: Na ndoo asiinue tena mpaka hapo.