Nyumba ya mawe Mji Mkongwe: skani ninayo, ila unene wa kuta na sakafu niuandikeje bila kudanganya?

MchoraShangani
Wakuu, naomba ushauri. Natengeneza modeli ya HBIM, yaani modeli ya kompyuta ya jengo la kihistoria. Nyumba ni ya ghorofa mbili, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti. Skani ya leza imekamilika ndani na nje, na ripoti ya kuunganisha vituo vya skani inaonyesha kosa la wastani la milimita 3. Kinachonisumbua ni ukuta wa upande wa kichochoro, ghorofa ya juu. Kimo chake ni mita 4.2, na uso wa nje umeinama kuelekea nje kwa milimita 78. Nikiuchora wima, si kweli. Nikifuata kila kibonyeo, faili halifunguki. Mhandisi wa ukarabati anataka pia unene wa kuta na sakafu.

Kona90
Chora wima, tumia unene wa wastani, halafu kwenye ukurasa wa kwanza andika "usahihi milimita 3". Modeli ikiwa nyepesi kila mtu ataitumia. Vibonyeo vidogo havimsaidii mhandisi.

PimaKwanza
Kona90, kuhusu vibonyeo nakubaliana nawe. Hiyo milimita 3 ndiyo usiiandike. Inaeleza tu jinsi skani zinazopishana zilivyokubaliana zenyewe kwa zenyewe, haisemi kama jengo zima limekaa mahali pake. Skani za ndani na za nje zimeshikana kupitia milango na madirisha machache, kwa hiyo kiungo kikiteleza, kosa lote linaingia kwenye unene wa ukuta. Mchora, chukua futi uende kwenye madirisha matatu, upime unene wa ukuta pale ulipokatwa, kisha linganisha na wingu la pointi, yaani zile pointi zote ambazo skana imezipima. Futi ikisema 560 na wingu likasema 535, una milimita 25 ambazo ripoti haikukuonyesha. Tena katika kichochoro chembamba leza hupanda juu ikiukwaruza ukuta kwa pembe kali, hivyo pointi za ghorofa ya juu huwa chache na zenye ukungu. Hata hizo 78 zihakiki kwa kifaa cha wapima ardhi.

Zikithibitika, usichore wima. Programu ya modeli ya Revit tangu toleo la 2021 inakubali ukuta ulioinama: 78 kwa 4200 ni takriban digrii 1.06. Baada ya hapo linganisha uso wa modeli na wingu kwenye programu ya CloudCompare. Ukiona asilimia 95 ya pointi ziko ndani ya milimita 41, basi 41 ndiyo namba ya uso ule, na inaingia daraja la usahihi la LOA20, yaani kati ya milimita 15 na 50. Iandike ndani ya ukuta wenyewe, maana ukurasa wa kwanza hubaki nyuma faili likihama.

```
HBIM_Uso_Nje   = IMEPIMWA
HBIM_Kosa95_mm = 41
HBIM_UsoWazi_% = 70
HBIM_Kiini     = DHANA
```

Hiyo 70 ni sehemu ya uso iliyoonekana, iliyobaki ilizibwa na mabomba na nyaya. Kiini ni dhana kwa sababu leza imeona lipu tu. Usiache ukuta wa kiolezo wenye tabaka za tofali na plasta, kwani mtu atazihesabu kama zipo. Weka tabaka moja, nyenzo uiite "haijulikani".

BintiAmu
Je, simu yenye leza inatosha kwa haya? Huku Lamu tuna ukuta wa zidaka, nakshi zake ni za plasta ya chokaa.

PimaKwanza
Kwa nakshi piga picha nyingi zinazopishana, weka na kipimo ndani ya picha. Simu hupoteza kingo ndogo.

MchoraShangani
Shukrani. Na sakafu? Toka chini ya boriti hadi uso wa sakafu ya juu ni milimita 430.

PimaKwanza
Hiyo 430 imepimwa. Kama boriti zinaonekana milimita 110, basi 320 iliyobaki ni mawe na chokaa ambavyo hakuna aliyeviona, na huenda kuna sakafu mpya iliyomwagwa juu ya ile ya zamani. Ichore kipande kimoja cha DHANA. Boriti zikomeshe kwenye uso wa ukuta, maana ncha zilizozama ndipo zinapooza, na skana haikufika huko.

Mhandisi_Ng'ambo
Hapo sikubaliani. Boriti ikiishia kwenye uso wa ukuta, programu yangu inaiona haina pa kukalia. Chora ncha zizame 150, uziwekee rangi ya DHANA.

PimaKwanza
Rangi inaweza kupotea modeli ikigeuzwa kuwa IFC, faili la kubadilishana modeli kati ya programu, na 150 itabaki kama kipimo. Nipe kwanza tundu dogo na kamera ya bomba kwenye boriti mbili.

Mhandisi_Ng'ambo
Mbili haziwakilishi chumba kizima. Zilizo karibu na bomba la choo ndizo zichunguzwe kwanza, na hata hapo zile nyingine zitabaki dhana.