Eti "soma jina kwa sauti"! Huyu msimamizi wa zamu atanitoa roho

Binti wa Igogo:
Jamani naandika huku mikono inatetemeka, msihangaike na herufi zangu. Yule mtu wetu, mnamjua, yule wa redio ya mkononi hata akienda chooni, leo kanivua nguo mbele ya zamu nzima.

Wakala wa kisiwani kaja na moto wake. Kalipwa sangara wa kilo 436, na risiti ya mizani yangu aliyoishika mkononi inasema 486. Kilo hamsini zimeyeyuka kama barafu. Basi yule bwana kaita kikao, kawasha projekta, kafungua hati ya mzigo, kaivuta skrini mpaka jina langu likawa kubwa kuliko bango la kampeni. Halafu ananiambia, "Hilo jina la nani? Soma kwa sauti."

Nikasoma. Jina langu mwenyewe! Kama mtoto wa chekechea! Na wakala anatingisha kichwa.

Mimi ni karani wa mizani tu, nikishabonyeza Tuma, ile hati kwangu inafungwa. Naiona tu, siwezi kugusa hata nukta. Sioni bei, sioni hati za mizani ya pili, sioni chochote. Sasa ningeibadilisha kwa uchawi gani? Nikamuonyesha ile risiti, ananijibu "karatasi siyo mfumo". SOMA KWA SAUTI. Watu wa kuchuna minofu walicheka mpaka wakaacha visu.

Kamba Nyekundu:
Na ukasoma kweli? 😂😂 Ungesema hujavaa miwani.

Dada wa Buzuruga:
Pole mdogo wangu. Ila ulisoma kwa sauti ya kwanza au ya pili? Nauliza tu kwa ajili ya kwaya.

Mzee wa Mwaloni:
Hao wenye viwanda wote lao moja. Juzi sangara wangu wamekataliwa eti barafu ilikuwa kidogo. Barafu nimenunua kwao wenyewe!

Kamba Nyekundu:
Tukiacha utani, hapo mchawi ni admini. Admini anaona nywila zenu wote. Kaingia kwa jina lako, kabadilisha, katoka. Kesi imekwisha.

Fundi Seva:
Kamba, nusu uko sawa. Admini anaweza kukubadilishia nywila akaingia kwa jina lako, lakini kwenye mfumo uliotengenezwa vizuri hawezi kuisoma uliyonayo. Akiibadilisha, ile ya zamani inakataa na wewe utajua asubuhi yake. Binti, nywila yako bado inafanya kazi?

Binti wa Igogo:
Inafanya. Nimeingia leo hiyo hiyo baada ya kusomeshwa jina langu.

Fundi Seva:
Basi tumuache admini kwanza. Pale kwenye projekta, jina lako lilikuwa limeandikwa mbele ya neno gani?

Binti wa Igogo:
"Imeandikwa na". Mbele yake mimi. Hilo ndilo alilolivuta likajaa ukuta mzima.

Fundi Seva:
Hapo ndipo alipowapiga changa la macho. Hiyo ni `created_by`, nayo inawekwa mara moja tu, hati inapozaliwa. Hata hati ikibadilishwa na watu kumi baada yako, pale litabaki jina lako mpaka kiama. Swali la kuuliza kikaoni lilikuwa nani kaigusa mwisho, na hilo liko kwenye historia ya hati. Karani haioni. Kwenye mifumo mingi kiongozi wa zamu naye haioni, anaiona admini. Ikifunguliwa itakuwa na sura kama hii:

```
field: net_kg   old: 486   new: 436
created_by: karani03
updated_by: zamu01
```

Sisemi ndivyo ilivyo kwako. Nasema usikubali jibu lolote ambalo halina namba ya zamani, namba mpya, akaunti na saa. Saa uilinganishe na ile iliyochapwa kwenye risiti ya wakala. Hati ikiwa imebadilishwa baada ya wewe kubonyeza Tuma, kwa akaunti yako haikuwezekana.

Kamba Nyekundu:
Lakini kiongozi ana haki ya kurekebisha. Ndiyo maana ya ukubwa.

Fundi Seva:
Kwenye uzito wa samaki, hapana. Anayeidhinisha hatakiwi kuandika namba anayoiidhinisha mwenyewe. Akiona imekosewa anairudisha kwa karani na sababu, karani anarekebisha, anatuma upya. Binti, yeye akifungua hati anaona vitufe gani?

Binti wa Igogo:
Idhinisha, Rudisha, na Hifadhi. Nimeviona kwa macho yangu, maana hupenda kutuita tumshangae anavyobonyeza.

Fundi Seva:
Hifadhi inafanya nini pale? Aliwahi kuwa karani?

Binti wa Igogo:
Eeh! Chumba hiki hiki cha mizani. Kapanda cheo ndipo akaanza redio.

Fundi Seva:
Basi nakisia walimpa ruhusa za usimamizi bila kumvua za ukarani. Ruhusa hujumlishana, mpya haiifuti ya zamani. Karani mwenzenu aliyepanda cheo anabaki na kalamu na muhuri kwa pamoja. Admini akifungua ukurasa wa watumiaji ataona vyeo viwili kwenye akaunti moja, na kuondoa kimoja ni kazi ya dakika. Ila inawezekana pia cheo chenyewe cha usimamizi kilipewa Hifadhi tangu mfumo unafungwa. Hapo ni balaa la wote, siyo lake peke yake.

Dada wa Buzuruga:
Na hiyo zamu01 anaitumia nani? Nilipokuwa kiwanda kingine, msimamizi wa mchana na wa usiku walikuwa na akaunti moja, nywila imebandikwa chini ya kibodi.

Binti wa Igogo:
...Hata hapa wanapeana.

Fundi Seva:
Aa. Basi historia itakutoa wewe, lakini haitamshika yeye. Itataja akaunti, nyuma ya akaunti kuna watu wawili. Labda kama inaandika na kompyuta iliyotumika.

Binti wa Igogo:
Yaani nisomeshwe jina langu KWA SAUTI, halafu la kwake lisipatikane hata kwa kunong'ona?

Boda wa Nyakato:
Haya mambo ya admini hata mimi yamenikuta. Admini wa kundi letu la kijiweni kanitoa bila kosa, na mchango wa msiba nilishatoa. Naweza kuona historia ya nani kanitoa?

Fundi Seva:
Kaka, hilo ni kundi la WatsApu.

Boda wa Nyakato:
Admini ni admini. Kanirudishia hela yangu?

Kamba Nyekundu:
😂😂😂 Boda soma jina lako kwa sauti.

Mzee wa Mwaloni:
Mnazungumzia vitufe, hakuna aliyeuliza mabondo ya sangara wa huyo wakala yalipimwa wapi. Kilo hamsini za samaki ni kelele, hela iko kwenye mabondo. Mfumo wenu unayaandika?

Binti wa Igogo:
Mabondo yana daftari lake, Mzee. La mkono. Anakaa nalo huyo huyo msimamizi.

Dada wa Buzuruga:
Eeeh! Daftari la MKONO?

Mzee wa Mwaloni:
Nilijua tu. Sasa mimi bondo langu wamenikata robo nzima eti lina unyevu, tena nilianika siku mbili juani Kirumba...

Boda wa Nyakato:
Mzee ukianika juu ya mchanga lazima wakate. Anika kwenye chanja. Na kama kuna anayemjua mweka hazina wa kijiwe cha Nyakato Sokoni anipigie.