Nimeripoti mwenzangu, sasa napokonywa majukumu

Wakuu, naomba ushauri. Niliripoti kwa mkaguzi wa ndani kwamba mwenzangu wa stoo anasaini hati za mizigo ambayo haijafika. Tangu hapo bosi kaniondoa kwenye mapokezi ya mizigo, kwa mdomo tu, na vikaoni siitwi. Naogopa tathmini ijayo itasema sina ninachofanya.

Naandika tarehe, kilichosemwa na aliyekuwepo, kwenye daftari langu binafsi. Nyaraka za ofisi sizitoi, wasije wakanigeuzia kesi.

Nafikiria kumwandikia bosi barua pepe bila lawama: "Kama ulivyoagiza Jumatatu, sipokei tena mizigo. Naomba unithibitishie majukumu yangu." Je, mkaguzi nimpe nakala, au utaonekana uchokozi? Na wakileta barua ya mabadiliko, nisaini "nimepokea" tu bila kukubali?