Msaada: nimeutoa ufunguo wa API kwenye skripti, sasa cron haiuoni

Mlimani_Juu: Wakuu, habari za jioni. Nina skripti ya Python inayowakumbusha wanachama wa SACCOS yetu marejesho ya mkopo kwa SMS, kila siku saa 2 asubuhi. Ufunguo wa kampuni ya SMS ulikuwa umeandikwa ndani ya skripti yenyewe. Nimeutoa, nikauweka mwishoni mwa `.bashrc` kwa `export`, na skripti inausoma hivi:

```
import os
KEY = os.environ["SMS_KEY"]
```

Nikiendesha kwa mkono, meseji zinakwenda. Cron ikiendesha, inagoma: `KeyError: 'SMS_KEY'`. Bosi anataka meseji za kesho ziende. Nakaribia kuurudisha ulikokuwa. Nifanyeje?

ChumaChaPua: Cron haisomi `.bashrc`. Kwenye mstari wa cron tanguliza `. ~/.bashrc;` ndipo uweke amri yako. Kwisha habari.

MamaSalha: Mimi niko Windows. Niliweka kwa `setx`, nikahangaika hadi usiku, kumbe dirisha lililokuwa wazi tayari halipati thamani mpya mpaka ufungue jingine. Funga ufungue, mdogo wangu.

Nahodha_wa_Seva: Mama, hilo ni kweli kwa Windows, ila cron ni habari nyingine. Na Chuma amekaribia, lakini kwenye Ubuntu hapati kitu. Juu kabisa ya `.bashrc` kuna mistari inayosema: kama hakuna mtu aliyekaa kwenye terminali, ishia hapa. `export` ya mwenzetu iko mwishoni, haifikiwi. Mkuu, tengeneza faili la pekee, nje ya folda ya mradi, lenye mstari mmoja:

```
export SMS_KEY='ufunguo_wako'
```

Usiweke nafasi kando ya alama ya sawasawa, na usisahau zile alama za kunukuu, maana ufunguo wenye `$` ndani utakatwa. Lipe `chmod 600` asilisome mwingine. Kisha kwenye cron:

```
0 8 * * * . /home/sms/siri.env; python3 /home/sms/tuma.py
```

Sasa niambie, kwa nini umeamua kuutoa wiki hii?

Mlimani_Juu: Usalama tu, mkuu.

Nahodha_wa_Seva: Skripti iko GitHub?

Mlimani_Juu: Ipo, lakini ufunguo nimeshaufuta na nimekomiti upya.

Kipozamataza: Hii chai. Cron haina skrini, hiyo `KeyError` umeisoma wapi? Mtu ametunga kisa apate majibu ya mtihani.

ChumaChaPua: Hata mimi nimeanza kuguna.

Mlimani_Juu: Sijatunga. Mwisho wa mstari wangu wa cron kuna `>> /home/sms/kumbukumbu.log 2>&1`, makosa yote yanaingia humo. Basi niseme lote. Hifadhi ya GitHub ilikuwa wazi kwa kila mtu wiki kadhaa. Salio la SMS linashuka usiku, saa ambazo skripti yangu haifanyi kazi. Lakini sasa nimeifunga, ni ya faragha.

Nahodha_wa_Seva: Hapo ndipo penye kazi, cron ni jambo dogo. Andika `git log -p` uone: ufunguo uko palepale kwenye komiti za zamani. Kuifunga hifadhi hakumnyang'anyi aliyekwisha kunakili. Ingia kwenye akaunti ya SMS, tengeneza ufunguo mpya, wa zamani uufute leo hii.

Mlimani_Juu: Mkuu, kompyuta ya mhasibu inatumia ufunguo huohuo, naye yuko likizo. Nilipanga kusubiri arudi.

MamaSalha: Fedha za wanachama hizo, mwanangu. Mwambie bosi kabla hajaambiwa na mwingine.

ChumaChaPua: Asafishe historia kwa `git filter-repo`, atakuwa salama.

Nahodha_wa_Seva: Kusafisha si vibaya, ila ufunguo ukishakufa, historia haina cha kuibiwa. Mimi nisingepoteza jioni kwa hilo.

ChumaChaPua: Mimi ningesafisha. Nani anajua humo kuna nini kingine?

Kipozamataza: Hata hivyo vigeu vya mazingira havifichi kitu. Mwenye root anavisoma `/proc`.

Nahodha_wa_Seva: Kweli, na hata programu nyingine za mtumiaji yuleyule zinaweza kuvisoma. Faida yake ni kwamba ufunguo hausafiri na skripti kwenda GitHub au kwa jirani unayemtumia. Aliyekwisha kuingia kwenye seva havimzuii.

Mlimani_Juu: Nimeingia kwenye akaunti. Inaruhusu kuongeza ufunguo wa pili. Mpya nimeuweka kwenye `siri.env`, na cron niliyoipanga kujaribia imetuma. Wa zamani bado haujazimwa, nawaza ya mhasibu.

Nahodha_wa_Seva: Uzime. Mhasibu mpe wake peke yake akirudi, ili siku nyingine salio likishuka ujue ni ufunguo wa nani.

Mlimani_Juu: Nampigia bosi kwanza.