Yutiai inanirudia kila mara, je vidonge vya kranberi vinasaidia kweli?

Mama_Tegeta2:
Habari za jioni wanajukwaa. Naomba wanaojua wanisaidie. Tangu Februari nimeumwa yutiai mara nne. Kila mara ni yale yale, mkojo unachoma, nakimbilia msalani kila dakika kumi na vinatoka vitone tu. Zahanati ya mtaani wanachovya kikaratasi, wananiandikia dawa, napata nafuu wiki tatu, inarudi. Dada yangu yuko Masachuseti, huko ndiko kranberi zinakolimwa, amenitumia makopo mawili ya vidonge vyake. Ninywe vingapi kwa siku? Au nitafute juisi? Tafadhali msinipeleke hospitali, dawa zao zimenichosha.

Mzee_Kifimbo:
Binti yangu, chanzo ni vyoo vya stendi na hizi suruali za kubana. Mama zenu walivaa kanga na hawakuijua yutiai.

Choya_Asilia:
Pole shoga. Achana na matunda ya ng'ambo, choya yetu ni ile ile, si unaona hata rangi? Mimi nilichemsha choya mwezi mzima, nikawa nakunywa maji mengi, mpaka leo sijaumwa.

Mfamasia_wa_Zamu:
Dada Choya, maji nakuunga mkono. Kuna jaribio la wanawake waliozoea kunywa maji machache na yutiai ikiwarudia, walioongeza lita moja na nusu kwa siku waliumwa karibu nusu ya wenzao. Huenda hayo maji ndiyo yaliyokuponya. Ila choya ni mmea mwingine kabisa, rangi isikudanganye.

Mama Tegeta, kranberi haiui bakteria. Bakteria wa ikolai hutoka kwenye utumbo wetu wenyewe (mzee, choo cha stendi kinasingiziwa bure), wanapanda na kung'ang'ania ukuta wa kibofu. Ndani ya kranberi kuna kitu kinachowafanya washindwe kushika, mkojo ukawasomba. Kwa hiyo inafaa kabla hujaumwa. Wakishashika na kuzaana, imechelewa.

Na hata kama kinga, usiitegemee sana. Mwaka 2012 mapitio makubwa ya Kokreni, wale wanaokusanya majaribio ya tiba na kuyapima kwa pamoja, yalisema haionyeshi faida ya maana. Yakarudiwa 2023 yakiwa na majaribio 50 na watu karibu elfu tisa, na safari hii kwa wanawake inaowarudia hatari ilipungua kama robo. Maana yake, katika wanawake wanne ambao wangeumwa, mmoja anapona na watatu wanaumwa vilevile.

Sasa nijibu. Leo unaumwa au umepona? Una homa, au maumivu ubavuni chini ya mbavu? Kuna dawa nyingine unatumia? Una mimba? Kisukari?

Mama_Tegeta2:
Leo inachoma kidogo tu, homa sina. Kopo limeandikwa miligramu 500 za unga wa kranberi. Nimeshaanza tangu Jumatatu, vinne kwa siku, na naona kama inatulia. Hayo maswali mengine sioni yanahusu nini. Mimi nimeuliza dozi.

Kijana_wa_58:
Wakuu samahani kudandia uzi. Mimi ni mwanaume, mkojo unakatikakatika na usiku naamka mara tano. Hizo kranberi nazipata wapi?

Mfamasia_wa_Zamu:
Kaka, hilo lako linafanana zaidi na tezi dume. Nenda ukapimwe, kranberi haitakusaidia.

Mama Tegeta, miligramu 500 za unga hazisemi lolote. Cha kutazama ni proantosianidini, ndicho kile kitu kinachowazuia bakteria kushika, majaribio mengi yalilenga miligramu 36 kwa siku. Kopo lisipoitaja, hujui unameza nini. Na maswali yangu hujayajibu.

Mbongo_Minesota:
Juisi nayo muwe macho. Huku chupa nyingi za dukani kranberi ni kama robo tu, kilichobaki ni maji na sukari. Ile halisi ni chachu, meno yanauma. Mke wangu aliivumilia wiki mbili akaacha. Halafu kwa wanaotumia warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, muulizeni daktari kwanza, inaweza kuingiliana na dawa.

Mfamasia_wa_Zamu:
Mama Tegeta?

Mama_Tegeta2:
Sawa. Nina mimba ya wiki 18. Sikutaka kuiandika kwa sababu nilijua mtaanza. Mwaka juzi nilipewa antibayotiki nikiwa na mimba ya miezi mitatu, siku tisa baadaye ikatoka. Mume wangu yuko Mtwara kikazi, hata yeye nilimwambia juzi tu. Kliniki sijaanza. Kranberi ni tunda, haliwezi kumdhuru mtoto. Nimeamua hivyo, nilitaka tu dozi.

Mkaguzi_Mkuu:
Wakuu, hii ni chai. Mwezi wa tatu akaunti hii hii iliuliza kuhusu kufunga uzazi. Leo mimba wiki 18? Pigeni hesabu wenyewe.

Choya_Asilia:
Eh! Na mimi nilikuwa nishaanza kumwonea huruma.

Mama_Tegeta2:
Ule uzi aliandika wifi yangu, tunatumia simu moja. Kama huniamini pita, kuna nyuzi nyingine.

Mfamasia_wa_Zamu:
Mkaguzi, hata ikiwa chai, kuna mjamzito mwingine anasoma hapa kimya kimya. Naandika kwa ajili yake pia.

Mama, pole kwa uliyempoteza. Siwezi kukuambia ni dawa au ni kitu kingine, sikuwepo. Ninachojua ni kwamba mimba hulegeza mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, bakteria wanapanda kwa urahisi. Wakifika kwenye figo unapata homa kali ya kutetemeka, na uchungu unaweza kuanza kabla ya wakati. Ndiyo maana mjamzito akikutwa na bakteria anatibiwa hata kama hasikii maumivu. Kranberi kwa wajawazito mapitio ya 2023 hayakuona inawakinga. Katika jaribio mojawapo zaidi ya theluthi yao waliacha, wengi kwa sababu ya tumbo kuchafuka.

Kesho asubuhi nenda hospitali yenye maabara, waambie "naomba kuotesha mkojo". Kile kikaratasi hakiwezi kusema ni bakteria gani wala dawa gani inamweza, na huenda ndiyo sababu umekuwa ukirudiwa. Jisafishe kwa maji, acha mkojo wa mwanzo umwagike, kinga wa katikati kwenye kichupa walichokupa, ukabidhi papo hapo. Ukikaa kwenye joto bakteria wanazaana humo humo na majibu yanapotoka. Kipimo hicho ukifanye kabla ya kumeza dawa yoyote. Majibu ni kama siku mbili tatu. Waambie mimba ina wiki ngapi, kwa sababu dawa huchaguliwa kwa umri wake, na zipo zinazofaa. Kama una siprofloksasini iliyobaki nyumbani usiiguse.

Usiku huu ukipata homa, kutetemeka, kutapika au ubavu kuuma, usingoje kuche.

Mzee_Kifimbo:
Binti, msikilize huyu. Na mume arudi kutoka Mtwara.

Mama_Tegeta2:
Nimerudi kutoa mrejesho. Nimeenda, mkojo wameupanda, majibu Alhamisi. Wamenipa dawa ya kuanzia, nesi alikaa na mimi akanieleza kwa nini wameichagua hiyo. Nimemeza ya kwanza nikiwa nalia. Vidonge vya dada nimepunguza viwili, sijaacha.

Mfamasia_wa_Zamu:
Hongera kwa kwenda. Nesi anajua kuhusu hivyo vidonge?

Mama_Tegeta2:
Bado. Nitamwambia Alhamisi.