Tupeane uzoefu: ukitoza kwa kazi nzima badala ya kwa neno, marekebisho unayakomesha wapi?

Kalamu ya Sakina
Wakuu, leo asubuhi nimepokea ujumbe wa mteja: "Dada, tubadilishe kidogo tu hapo mwanzo." Nimekumbuka mengi. Zamani nilikuwa natoza shilingi 100 kwa neno. Siku moja nikaandikia kampuni ya utalii hapa Arusha ukurasa wa mbele, maneno kama 1,100. Wakasema ni marefu, nipunguze yabaki 300. Kupunguza kulinichukua muda kuliko kuandika, maana kila sentensi iliyobaki ilibidi ibebe kazi ya tatu zilizoondoka. Mwisho wa siku nikalipwa maneno 300! Tangu hapo natoza kwa kazi nzima. Lakini sasa shida imehamia kwenye marekebisho, hayana mwisho. Nyie mnaweka raundi ngapi, na raundi ya ziada mnatoza vipi? Toeni mifano ya kweli.

Chalii wa Kijenge
Hiyo "kidogo tu" imenizeesha kabla ya wakati.

Mama Neema, Rau
Umenigusa penye kidonda, dada. Ngoja niseme yote.

Nilipata kazi ya kampuni ya kupandisha watu mlimani, ofisi iko hapa Moshi mjini. Kurasa tano za tovuti, tukakubaliana laki nane, nusu mwanzo na nusu "mteja akiridhika". Kwenye makubaliano yaliandikwa hivyohivyo, "marekebisho mpaka mteja aridhike", wao ndio walioyaandaa.

Rasimu ya kwanza bosi akaipenda. Nikarekebisha vitu vichache, akasema safi. Wiki iliyofuata mdogo wake akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nyingi, anataka lugha iwe ya kibiashara zaidi. Nikabadilisha. Kisha mkuu wa waongozaji akasoma, akasema lugha imekuwa ya kibiashara mno, wageni watadhani tunawadanganya. Nikarudisha. Halafu akajitokeza mbia wao aliye nje, ambaye hata jina lake sikuwahi kulisikia, na yeye ana maoni kila ukurasa.

Kilichonimaliza ni njia. Nilikuwa nimeandika yote juu ya Marangu. Mnaijua Marangu: mgeni analala kwenye vibanda na anashuka kwa njia ileile aliyopandia. Basi mbia akasema Marangu haina soko kwao, waweke Lemosho. Wakaniandikia, "Badilisha jina la njia." Jina! Lemosho unaanzia upande wa magharibi, unalala kwenye mahema, unapita Shira, Barranco na Barafu, unashukia Mweka. Siku zinaongezeka, orodha ya vifaa inabadilika, hata sababu ya mgeni kuichagua ni nyingine kabisa. Kurasa tatu kati ya tano zilikuwa zimekufa. Wao wanaita marekebisho.

Nikaandika upya. Nikadai nusu yangu, kimya. Nikaenda ofisini. Bosi akaniambia mbele ya watu, "Hatukuridhika, kwa hiyo hatujatumia maneno yako." Wakati anasema hivyo, kompyuta ya dada wa mapokezi ilikuwa wazi kwenye tovuti yao, na aya yangu ya Barranco iko pale, nukta kwa nukta. Nikainyooshea kidole nikaanza kuisoma kwa sauti. Kulikuwa na wageni wawili wamekaa kwenye kochi wanasubiri kulipia safari. Ofisi nzima ikanyamaza.

Chalii wa Kijenge
Eeeh! Halafu? Walikulipa?

Bint wa Majengo
Mama Neema usituache hapo tafadhali.

Mama Neema, Rau
Bosi alinivuta chumba cha ndani, akanirushia laki mbili kwa simu palepale. Laki mbili zilizobaki mpaka leo. Kijana aliyewatengenezea tovuti ninafahamiana naye, aliniuliza kama nataka zile kurasa azizime. Nilikataa.

Fundi Tovuti Njiro
Ungekubali! Mimi ningezima usiku huohuo. Kazi haijalipwa ni mali yako.

Msafara
Acha kumpotosha mwenzako. Ninaendesha kampuni ya utalii, nikikuta tovuti yangu imezimwa wakati wageni wanaulizia, nakupeleka polisi, tutajadili deni baadaye. Na huyo kijana angekosa kazi mji mzima.

Fundi Tovuti Njiro
Mkuu wewe ulipe kwanza, polisi baadaye.

Msafara
Nalipa. Ila na nyie mtuelewe. Mtu ananiletea kotesheni, juu imeandikwa "marekebisho mawili tu, ya tatu unalipia". Mimi hata sijaona sentensi moja. Naona ananiambia kabla ya kuanza kwamba atakosea na nitalipia makosa yake. Na kweli niliwahi kuletewa maandishi yanayosema kilele cha Uhuru ni mita 5,985. Hiyo nayo niihesabu raundi?

Meku wa Pasua
Kaka Msafara umeuliza swali la msingi, naomba nijibu kwa urefu kidogo. Kazi hii nimeifanya muda mrefu, wateja wangu wengi ni loji na wapandisha mlima.

5,985 badala ya 5,895 ni kosa la mwandishi. Hilo linasahihishwa bure, hata mwaka mmoja baadaye, na haligusi hesabu ya raundi. Nalitaja waziwazi kwenye kotesheni, na nimeona wateja wanalegea wakishalisoma, kwa sababu hofu yao ni hiyohiyo uliyoisema.

Kuna vitu vitatu ambavyo watu wanavichanganya. Kosa langu ni bure. Marekebisho ni mteja kutaka jambo lilelile tulilokubaliana lisemwe vingine: sauti ipoe, aya hii ipande juu, hii ifupishwe. Hayo ndiyo yanahesabiwa raundi. Cha tatu ni kazi mpya, na Lemosho ya Mama Neema ni kazi mpya kabisa. Hata angekuwa na raundi kumi kwenye makubaliano, isingeingia humo. Napima kwa karatasi ya maelezo ya kazi ambayo mteja amesaini kabla sijaandika: njia gani, mgeni wa aina gani, kurasa zipi. Anachotaka kikipingana na karatasi hiyo, namtumia kotesheni nyingine.

Sasa bei. Nitoe mfano wa loji moja, kurasa sita. Kuhoji watu wao na kusoma, saa 4. Mpangilio wa kurasa, saa 2. Kuandika, saa 12. Raundi mbili, saa 5. Jumla saa 23. Saa yangu naihesabu 30,000, inakuja 690,000, nikawaandikia 750,000 kwa sababu simu na vikao havikosi. Mteja hazioni saa, anaona 750,000 na kinachomo. Raundi moja kwangu ni saa mbili na nusu, yaani 75,000. Ya ziada niliiandika 90,000. Ikiwa sawasawa na gharama, mteja anainunua kila akipata wazo usiku. Ikizidi kidogo, anakaa na wenzake kwanza.

Na raundi yenyewe lazima ielezwe ni nini. Kwangu ni maoni ya watu wao wote, kwenye waraka mmoja, yaliyoletwa na mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho, ndani ya siku saba za kazi. Ujumbe wa sauti wa mdogo wake bosi siyo raundi, ni mazungumzo. Najibu kwa heshima: "Nimepokea, naomba umpe fulani ajumlishe." Mkiangalia vizuri, Mama Neema hakuumizwa na wingi wa marekebisho peke yake. Waliomkosoa walikuwa wanne na wanapingana, yeye akageuzwa mpatanishi wao bila malipo.

Neno "akiridhika" msiliweke kwenye malipo. Mimi nusu ya mwisho inadaiwa nikikabidhi raundi ya pili, au siku 14 baada ya rasimu ya kwanza, lolote litakalotangulia. Tarehe haina ubishi.

Mama Neema, Rau
Meku, hilo la mpatanishi limeniingia. Ndivyo ilivyokuwa.

Mtafsiri Usa River
Mimi nasema bei kwa neno ndiyo ya haki, inapimika, kila mtu anaona. Nimeishi nayo miaka yote na sijawahi kugombana na mteja.

Meku wa Pasua
Kwa tafsiri nakubaliana nawe. Maandishi ya asili yapo, urefu unajulikana, kazi inakwenda na idadi ya maneno. Ila mtu anayeandika mistari mitano ya bango la pale mnara wa saa, kwa neno atalipwa nini?

Mtafsiri Usa River
Aongeze bei ya neno basi.

Kalamu ya Sakina
Hapo mteja atakuuliza kwa nini neno lako ni elfu kumi na la jirani ni mia.

Bint wa Majengo
Samahani jamani, mimi nina steshenari, nachapa ripoti za wanafunzi wa chuo. Natoza kwa ukurasa, na wanarudi na masahihisho ya msimamizi kila wiki. Na mimi niweke raundi?

Fundi Tovuti Njiro
Dada hapa tunaongelea kutunga, siyo kuchapa.

Kalamu ya Sakina
Mwache aulize. Kwa kuchapa nadhani ubaki na ukurasa, kila ukurasa unaoguswa unalipiwa. Msimamizi humuwezi, na mwanafunzi pia hamuwezi.

Chalii wa Kijenge
Mimi naongeza kero yangu. Ankara 600,000, nikaingiziwa 570,000. Nikauliza, wanasema ni kodi. Naona nimepigwa.

Msafara
Hujapigwa. Hiyo ni kodi ya zuio, asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, kampuni inakata na kuipeleka TRA. Wadai cheti cha zuio, utakihitaji ukifanya hesabu zako za kodi. Wakishindwa kukupa cheti, hapo ndipo uanze kuuliza pesa imekwenda wapi.

Chalii wa Kijenge
Hakuna aliyewahi kuniambia. Kesho nipo ofisini kwao.

Kalamu ya Sakina
Turudi kwenye raundi. Meku, nina wasiwasi na kiasi kimoja kwa raundi zote. Raundi nyingine ni koma mbili, nyingine ni ukurasa mzima. Mimi nafikiria asilimia 15 ya bei ya kazi.

Meku wa Pasua
Asilimia inakuumiza kwenye kazi ndogo. Kazi ya laki moja, asilimia 15 ni 15,000, na raundi inaweza kula saa mbili. Koma mbili huwa nazipitisha tu bila kuzihesabu, ila nazitaja kwenye ujumbe kwamba nimezipitisha.

Fundi Tovuti Njiro
Mimi ningetoza kwa saa baada ya raundi ya pili.

Msafara
Kwa saa sikubali. Nitajuaje umekaa saa ngapi? Niambie 90,000 nijue moja. Na raundi nipe tatu, siyo mbili, bei iwe kubwa kidogo. Mimi nina mbia na mke, wote wanasoma.

Meku wa Pasua
Kwa mteja wa namna yako natoa tatu, nalipisha 840,000 tangu mwanzo. Ila mkeo na mbia wasome pamoja.

Msafara
Hilo la kusoma pamoja ndilo gumu, meku. Tutajaribu.

Kalamu ya Sakina
Nimemjibu yule wa "kidogo tu". Nimemwambia raundi zake mbili zimeisha, hii ni 80,000, na nimemwomba mwenye kauli ya mwisho ajumlishe maoni kwenye waraka mmoja. Alama mbili za bluu zimetokea, bado hajajibu. Mama Neema, zile laki mbili ulizidai kwa maandishi au kwa mdomo?

Mama Neema, Rau
Kwa mdomo tu, dada.

Meku wa Pasua
Andika barua leo, ambatanisha picha ya ukurasa wao ukionyesha tarehe, ipeleke mapokezi wagonge muhuri kwenye nakala yako. Fanya hivyo kabla hawajabadilisha ile aya ya Barranco.