Kukaa hewani muda mrefu au kufika mbali: kasi ipi?

Mwanafunzi_Ukunda: Wakuu, shikamooni. Nafunzwa kwenye ndege ndogo ya injini moja, ya panga. Mwalimu anasema nikizunguka kusubiri mvua ipite uwanjani, niende taratibu kuliko ninapohamia uwanja mwingine. Kama kasi ya kusubiri ndiyo inayokula mafuta kidogo, mbona nisiitumie safari nzima?

Mtu_wa_Gereji: Itumie tu. Kadiri unavyokwenda polepole ndivyo unavyookoa mafuta, sawa na gari.

Kapteni_Mstaafu: Marahaba. Fundi, hiyo ni nusu. Ndege ikipunguza mwendo huinua pua ili mabawa yaendelee kuibeba, na ubebaji huo nao huzaa ukinzani. Mwendo ukishuka kupita kiasi, mafuta yanapanda tena.

Kijana, chukua namba za kubuni. Kwa mwendo wa noti 60, yaani maili 60 za baharini kwa saa, injini inakula lita 18 kwa saa, kwa 80 lita 21, kwa 100 lita 29. Una lita 60. Kwa 60 unakaa hewani saa 3 na dakika 20, lakini unafika maili 200 za baharini. Kwa 80 unakaa kama saa 2 na dakika 51, unafika karibu maili 229. Kwa 100 unarudi kwenye 207. Unapotoka 60 kwenda 80, mwendo unaongezeka kwa theluthi na mafuta kwa sita moja tu, ndiyo maana maili zinazidi. Anayesubiri ahesabu lita kwa saa. Anayesafiri ahesabu lita kwa maili.

Mpima_Mashamba: Droni yangu ikisimama hewani betri inaisha mapema kuliko ikisogea taratibu. Kwa hiyo hesabu yako si sahihi?

Kapteni_Mstaafu: Hiyo haina mabawa. Ikisimama, mapanga yanasukuma hewa ileile iliyokwisha kushuka. Ikisogea yanapata hewa mpya, kazi inapungua. Ila nayo ina kasi mbili: ya dakika nyingi, na nyingine kubwa zaidi ya maili nyingi.

Mwanafunzi_Ukunda: Na upepo? Nikitoka Pemba kwenda Dar, kusi inanipiga usoni.

Kapteni_Mstaafu: Kusubiri hakubadiliki, kwani muda hauujui upepo. Safari inabadilika. Upepo wa omo wa noti 30 ukikupiga, kwa 60 unapata maili 100 tu. Kwa 80 kama 143. Kwa 100 kama 145. Ile 100 iliyokuwa hasara sasa imeipita 80. Upepo ukitoka nyuma, punguza kidogo.

Mtu_wa_Gereji: Basi akisubiri ashike 60 kamili?

Kapteni_Mstaafu: Mimi huongeza noti tano au kumi. Ukiwa pale chini kabisa, mtikisiko ukikupunguzia mwendo ukinzani unapanda, mwendo unazidi kushuka, nawe uko karibu na kasi ya kuanguka.

Mwanafunzi_Ukunda: Mwalimu wangu hataki hata tano. Nitamuuliza sababu.